Leso ya Mama Barabarani

Mama yangu hapendi ng'ombe. Ukimtajia tu, atakupeleka shambani kwake Minjila akuonyeshe pale mahindi yake yalipoliwa mpaka mabua. Basi jioni ile, tukitoka Hola kwa kigari changu, nilipopunguza mwendo kupisha kundi lililokuwa likivuka, alivuta pumzi ndefu nikajua hotuba iko njiani.

Jua lilikuwa limeshazama. Saa hizo lami bado ina joto, na ng'ombe hujilalia juu yake kama wako kwao. Sikupiga honi, maana honi hutawanya ndama, ukimkwepa huyu unamgonga yule. Nilishusha taa, nikangoja. Kundi likaisha, lakini ng'ombe mmoja hakuondoka. Miguuni pake, katikati ya barabara, palikuwa na ndama aliyezaliwa muda huohuo, bado yu majimaji.

Nilishuka nimbebe nimweke kando. Mchungaji, mwanamume wa Kiorma, akanizuia kwa fimbo.

"Usishike. Mama yake bado kulamba. Ukishika sasa, yeye atamkataa."

Tukakata matawi ya mathenge, ile miti ya miiba ya kando ya barabara, tukayatandaza nyuma ya gari kuonya magari, nikawasha taa za dharura. Lakini upande wa Garsen hapakuwa na kinga yoyote, na kwa mbali taa za lori zilikuwa zinakuja. Lori lenye mzigo halisimami ghafla. Niliogopa sana.

Nikasikia mlango wa gari. Mama ametoka, anampita yule ng'ombe, anaivua leso yake ya mabegani. Alitembea kulielekea lori akiipunga juu na chini, hadi nikawa naona umbo jeusi tu mbele ya taa. Nilimwita, hakugeuka. Lori likaguna, likapungua, likasimama mbele yake. Dereva akazima injini, akabakisha taa ndogo.

Kukawa kimya. Ndipo twiga wakatoka vichakani, wakavuka kati ya mama yangu na yule ndama. Mwanga uliwafikia matumboni, shingo zikapotelea gizani juu. Wanyama wakubwa namna ile, na hatua zao sikuzisikia. Nilichosikia ni ulimi wa ng'ombe ukimkwangua mwanawe. Nimezaliwa huku, twiga nimewaona tangu utotoni, lakini sijapata kujiona mdogo vile, na nikafurahi kuwa mdogo.

Ndama akainuka, akaanguka, akainuka tena, akamfuata mama yake majanini. Mchungaji alimshukuru mama kwa heshima, akamwambia ndama akishashiba dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, maziwa ya ng'ombe huyo atamletea Minjila.

"Lete," mama akamjibu. "Lakini pitia barabarani, si shambani kwangu."

Yule bwana akacheka. Mama hakucheka. Garini alijaribu kuifunga leso yake, fundo likafunguka mara mbili, ikabidi nimfungie mimi. Na mpaka tunafika nyumbani, juu ya ng'ombe hakusema neno.