Friji ya Modesta na Dakika za Kusubiri

Modesta hakuja Mtwara kuuza juisi. Alikuja kama mke wa mtu, kutoka Mbinga, akimfuata Gideoni aliyepata kazi ya winchi bandarini. Gideoni alipofariki, alimwachia chumba cha kupanga mtaani Likombe, kitanda, baiskeli na friji ya milango miwili ambayo enzi za uhai wake ilihifadhi maji ya kunywa na nyama ya Jumapili tu. Kaka yake Modesta, Josephu, alimpigia simu kutoka Mbinga wiki hiyo hiyo ya msiba: kuna chumba nyuma ya nyumba, aje, amsaidie wifi yake kwenye shamba la kahawa. Modesta alijua maana ya kumsaidia wifi. Ni kuamka wa kwanza, kulala wa mwisho, na kuomba ruhusa ya kununua sabuni.

Akaamua kubaki, na friji ndiyo iliyombakiza.

Wazo lilitoka kwa jirani aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, Mwanaidi, mzaliwa wa upande wa Msimbati, ambaye ndugu zake wana mikorosho. Korosho zinauzwa, mabibo, yale matunda yake laini, yanaoza chini. Mwanaidi akawa analeta mabibo kwa viroba, Modesta anakamua, anachuja, anajaza chupa na kugandisha. Mchana anabeba dumu la baridi hadi bandarini, ambako msimu wa korosho malori hujipanga na madereva hukaa wanaungua jua na hasira. Juisi ya mabibo ikiwa baridi, dereva anarudia ya pili bila kuombwa.

Ila juisi hiyo haina subira. Ikikosa baridi jua zima, jioni inaanza kutoa povu, na kesho yake si juisi tena, ni pombe. Mwanaidi, mwanamke wa swala tano, hilo lilimtesa kuliko hasara. Hakutaka mabibo ya baba yake yamleweshe mtu.

Friji ilianza kuumwa msimu uliopita. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na jioni taa zenyewe zilikuwa nyekundu kama zimechoka kuwaka. Friji ikawa inanguruma kidogo, inagonga “tak”, inanyamaza. Modesta akamwita fundi Rashidi. Rashidi alibadilisha kifaa kidogo cha kuwashia, kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kumweleza.

“Mama, kompresa ikiwa inafanya kazi, inasukuma gesi upande mmoja. Kule imejaa, huku hamna kitu. Umeme ukikatika, zile gesi zinahitaji muda zijirudishe kupitia mrija mwembamba mpaka pande zilingane. Sasa umeme ukirudi papo hapo, mota inataka kuanza na mzigo wote uko mlangoni. Haizunguki. Inavuta umeme mwingi, inachemka. Hiyo ‘tak’ unayoisikia ni kinga yake inajikata isiungue. Ikipoa inajaribu tena. Siku moja kinga inachelewa, waya za ndani zinaungua, basi.”

“Nifanyeje sasa?”

“Nunua kitu kinachojua kusubiri. Dakika tatu tu zinatosha.”

Akachomeka mita yake kwenye soketi. Ilikuwa saa ya watu kupika na kuwasha televisheni. Volti zilikuwa chini sana ya kiwango. Rashidi akatikisa kichwa.

Modesta aliuza baiskeli ya Gideoni. Alilia kidogo siku ilipoondoka, akajipangusa, akaenda dukani kwa Danieli, kijana muuza vifaa vya umeme mwenye maneno mengi. Danieli alimwekea mezani vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa ekstensheni yenye kinga ya radi. “Hii kila mtu anachukua, mama.”

“Inazuia umeme ukipanda ghafla,” Modesta akasema. “Kwangu unashuka. Na inasubiri?”

Haikusubiri. Danieli akaisogeza pembeni na kushika cha pili, friji gadi, kiboksi kidogo cha kuchomeka ukutani. Hiki kinasubiri, akasema, na volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi kinakata chenyewe. Modesta nusura akichukue. Ni chepesi na bei yake ni ya watu. Kisha akakumbuka taa zake nyekundu za jioni. Kiboksi hiki kingelinda friji kwa kuizima, na kingeizima kila jioni, kwa kuwa hakina uwezo wa kupandisha volti hata moja. Friji ingekuwa salama na juisi ingekuwa pombe.

Kikabaki cha tatu, stabilaiza, ambayo hupandisha volti zikishuka. Danieli akamletea ndogo. Modesta akaikataa, maana fundi alishamwambia kwamba friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia, na hiyo ndogo ni ya televisheni. Danieli akaleta kubwa, akaichomeka kuonyesha, ikawaka mara moja.

“Mbona haijasubiri?”

Danieli akacheka. Mbele kulikuwa na kitufe cha kuchagua, kusubiri kidogo au kusubiri sana, na wenye maduka wote hukiweka kwenye kidogo, kwa sababu mteja akisimama dakika tatu anatazama kitaa cha njano tu, anadhani kitu ni kibovu, anaondoka. Modesta akakibonyeza kwenye kusubiri sana. Akasimama pale kaunta, akangoja. Wateja wengine walimtazama kama mtu aliyekosa kazi. Kitaa cha njano kikazima, cha kijani kikawaka. Akafungasha.

Mwanamke huyu alichagua vizuri. Naandika hili wazi, kwa sababu kuna watu watakaosoma mbele huko na kutafuta alipokosea dukani, na dukani hakukosea hata kidogo.

Alikosea nyumbani. Mtaani kwao kuna desturi ya kuwahi umeme. Ukirudi, aliyepo anawahi kwa niaba ya wasiokuwepo: anachaji simu ya huyu, anawasha pampu ya yule, anapiga pasi sare ya mtoto wa jirani. Nani ajue utakaa kiasi gani? Funguo za vyumba zinazunguka kwa wanawake bila mtu kuuliza. Wa Modesta ulikaa kwa Mwanaidi. Na Modesta, aliyekumbuka kumhoji Danieli mpaka jasho likamtoka, hakukumbuka kumwambia Mwanaidi neno moja juu ya kusubiri. Alimwambia tu, “Dada, umeme ukirudi niangalizie friji.”

Siku moja umeme ulicheza mchana kutwa. Modesta alikuwa bandarini. Mwanaidi alisikia redio ya jirani imeamka, akaingia, akafungua friji. Taa ya ndani haiwaki. Stabilaiza ina kitaa cha njano, na pembeni yake maneno ya Kizungu. Akangoja kidogo. Umeme ukakatika. Ukarudi, kitaa kikaanza upya kuhesabu dakika zake, ukakatika tena kabla hazijatimia. Kila safari ilikuwa hivyo. Mwanaidi akaona chupa zinatoka jasho, akafungua moja na kunusa. Ilikuwa inaanza. Akachomoa friji kwenye stabilaiza, akaichomeka ukutani. Taa ya ndani ikawaka hapo hapo, friji ikanguruma. Akamshukuru Mungu na kurudi kwenye mboga zake.

Umeme ukaendelea kukatika na kurudi, na safari hii hapakuwa na kitu cha kusubiri.

Modesta alipofika jioni, chumba kilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Rashidi alikuja, akaweka mita yake nyuma ya friji, akaiondoa, akaiweka tena. Waya za ndani zimekwisha. Kompresa mpya ni karibu bei ya friji nyingine. Kisha akatazama plagi ilipo na stabilaiza ilipo, akamtazama Modesta.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na khanga mdomoni. “Ni mimi?” akauliza. “Mimi ndiye niliyeichomeka pale. Niambie, ni mimi?”

Modesta alimpenda mwanamke huyu. Alikuwa amekesha naye msibani. “Hapana, dada,” akasema. “Stabilaiza yenyewe ndiyo mbovu. Ilishaiunguza kabla hujaihamisha.”

Mwanaidi akashusha pumzi, na kuanzia hapo akawa wakili wa uongo ule. Kisimani, sokoni, shughulini: jamani msinunue vile vidude, kimemuulia mwenzangu friji. Watu waliitikia kwa huruma. Wawili waliokuwa navyo wakavichomoa.

Modesta alikuwa ameshaanza kukunja nguo Mwanaidi alipoingia anacheka. Mwanawe Sudi alikuwa amemtumia friji, ndogo, iliyokwisha kutumika, lakini inagandisha. “Huendi Mbinga,” akasema. “Mabibo yangu, mikono yako, friji ya Sudi. Tutagawana. Usinibishie.”

Modesta alikaa kitandani, akajiruhusu kufurahi. Kwa muda ule aliiona kesho yake yote: dumu, malori, kodi, chumba hiki. Halafu akauliza, “Umeichomeka wapi?”

“Ukutani. Mbali kabisa na mashine yako ya shetani.”

“Chukua mashine, dada. Itumie.”

“Ile iliyokuulia friji? Sithubutu.”

Nje redio ilinyamaza, ikaimba tena. Nyuma ya ukuta friji ya Sudi ikanguruma, ikagonga “tak”, ikanyamaza. Modesta alijua kwamba akikaa kimya msimu huu hautafika mwisho, na akisema atapoteza kitu kingine. Akasema. Akaeleza gesi, dakika tatu, kitaa cha njano, juisi, plagi. Alieleza taratibu na kwa upole, na upole ule ulizidi kuharibu.

Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo nilikuwa mimi.”

“Ulitaka kunisaidia.”

“Nilikuuliza. Nilisimama hapo mlangoni nikakuuliza.”

“Nilitaka ulale, dada.”

“Nimelala. Nimezunguka mtaa mzima natangaza, na wewe unanitazama. Rashidi anajua, sivyo? Kumbe mjinga nilikuwa peke yangu.” Hakupandisha sauti. Aliinama, akaibeba stabilaiza, kwa kuwa alikuwa ameelewa, na hakuwa mtu wa kuunguza mali ya mwanawe kwa ajili ya hasira. Mlangoni alisema, bila kugeuka, kwamba ufunguo wa chumba hicho ataupitisha chini ya mlango.

Modesta alingoja siku kadhaa. Alisikia upande wa pili chupa zinapangwa, mabibo yanakamuliwa na mikono mingine. Walipokutana uani, Mwanaidi alimwamkia kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mgeni. Lile neno la kugawana halikutajwa tena, na Modesta hakuwa na uso wa kulikumbusha.

Mwisho wa mwezi alimpigia Josephu, akamuuliza kama kile chumba cha nyuma bado kipo.