Nyumba ya Sita ya Seremala

Mke wa seremala alikataa kiti. Alisimama mlangoni kwa fundi wa kushona, mkoba kifuani, akiitazama cherehani. Mtaani fundi huyu walimwita Mama Nyota, maana mbali na kushona alichora chati za watu. Ukimpa siku, saa na mahali ulipozaliwa, alifungua kitabu chake cha majedwali, akatafuta burji, yaani kundi la nyota, iliyokuwa ikichomoza mashariki saa hiyo, kisha akazipanga sayari kwenye nyumba kumi na mbili za chati, kila moja na jambo lake la maisha.

Wiki iliyopita, kwa ombi la mkewe, alimchorea seremala, aliyelazwa kwa figo. Zohali, sayari nzito, iliangukia nyumba ya sita, ya maradhi.

"Tangu siku ile sijasali, dada," mke wa seremala alisema. "Nikitaka kuanza, naona aibu. Ananiambia, mke wangu niombee, nami nakaa kama gogo. Nimemkosea Mungu?"

Mama Nyota alisogeza nguo pembeni. "Ile saa uliyonipa, uliitoa wapi?"

"Kwenye kadi yake ya kuzaliwa. Saa nane."

"Hebu niione."

Kadi ilikuwa imechakaa. Iliandikwa 8:10, na pembeni alama ya asubuhi iliyofifia. Kwa Kiswahili ilikuwa saa mbili asubuhi, wala si saa nane mchana. Mama Nyota alifungua kitabu chake. Akavuta penseli, akahesabu upya. Tofauti ya saa sita ni burji tatu nzima. Zohali ikatoka nyumba ya sita, ikaenda ya tisa, isiyohusu maradhi.

"Tazama, mdogo wangu. Kosa letu limehamisha sayari. Mumeo amehama kitanda?"

"Hajahama."

"Basi hii karatasi haimshiki. Ni namna ya kumtazama mtu tu. Ya ghaibu siyajui."

"Lakini ni dhambi?"

"Wapo wacha Mungu wanaoikataza kabisa, nami siwabishii. Wapo wanaosema kutazama si vibaya, ubaya ni kuziamini nyota kuliko aliyeziumba. Muulize kiongozi wako wa ibada, mimi ni fundi wa nguo. Ila moyo wako umeshalemewa. Usije tena kwa hili. Na ya figo muulize daktari."

"Unajifukuzia mteja."

"Nitakushonea gauni."

Mke wa seremala alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. "Mungu atanisikia, baada ya haya?"

"Hilo nalo silijui. Lakini mgonjwa anakungoja wewe, si mtu aliyetakata. Nenda hivyo hivyo na aibu yako."

Alikwenda. Siku ya tisa seremala alifariki. Dada wa seremala ndiye aliyeleta habari, akasema wifi yake alikuwa amemshika mumewe mkono, anaomba, mpaka mwisho.

Mama Nyota aliifunika cherehani. Chati ya kwanza, ile ya makosa, ndiyo iliyokuwa imesema maradhi. Wangekuja watu kumsifu kwamba alibashiri kweli, alijua. Tangu hapo, mtu akifika na jina la mgonjwa, hufunga kitabu na kumuuliza anataka kushona nini.