Aliyeuona Ufa Akanyamaza

Siku tuliyomtoa kaka yangu Kolumba mtoni naikumbuka hata nikifumba macho, mwanangu. Ilikuwa masika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na Kilombero ulikuwa umefurika hadi ukameza mashamba ya mpunga. Tulimkuta amenasa kwenye matete, chini kidogo ya kivuko. Leonida, mkewe, alikuwa ameokolewa na wavuvi tangu jana yake. Alikaa ukingoni, kanga imemgandia mwilini.

Kolumba alikuwa fundi wa mitumbwi. Kuanzia Ifakara hadi ng'ambo ya mto, ukisema mtumbwi wa Kolumba, mtu hakuulizi bei mara mbili. Mti wa mvule aliuchimba kwa tezo, lile shoka dogo la kuchongea, mpaka ukatoka laini kama bakuli. Lakini fundi ni mtu, na nyani haoni kundule. Siku ile yeye na Leonida walikuwa wakivusha magunia ya mpunga katika mtumbwi wake mwenyewe. Ukagonga kisiki kilichokuwa kikielea, ukapasuka kwa urefu, puu, kama muwa. Mtumbwi mzima haupasuki namna hiyo kwa kisiki kimoja.

Matangani wanaume tuliota moto. Thadei, rafiki wa Kolumba tangu utotoni, mpiga kasia wa pale kivukoni, alikuwa ameinamisha kichwa. Ghafla akasema, sauti ikiwa chini kabisa, "Ule ufa niliuona."

Nikamwuliza, "Ufa gani?"

"Mtumbwi ulikuwa umefudikizwa juani. Kwenye kitako chake Kolumba alikuwa amepaka lami mbichi kuziba ufa. Nikaona ufa unapita ng'ambo ya lami, unaenda mbele. Sikusema."

Mwanangu, nilimrukia. Nilimshika shingo, na sijui ingekuwaje. Ni Leonida aliyetoka kwa wanawake akasimama kati yetu.

"Mwache, shemeji," alisema. "Mwaka jana huyu alimwambia Kolumba kwamba ubavu mmoja wa mtumbwi ni mwembamba. Mimi nilikuwepo. Kolumba alimjibu pale kivukoni mbele ya wateja, 'Wewe kazi yako kupiga kasia, za ufundi zinakuhusu nini? Wivu tu.' Watu wakacheka. Mwezi mzima hakuitikia salamu yake. Aliyesema alitukanwa, aliyenyamaza unataka kumkaba. Sasa mtu aseme lini?"

Nikamwachia. Thadei alikuwa analia kama mtoto, na hakuna aliyemgusa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema juu ya yule anayewafundisha wenzake kumfichia. Kaka yangu hakumkataza Thadei kusema. Alimlipisha tu kwa kusema, na binadamu halipi mara mbili kwa kitu kilekile.

Basi, tezo ya marehemu ikabaki kwangu. Nilikuwa kijana, nimejifunza kwake kwa kutazama zaidi kuliko kushika. Mtumbwi wangu wa kwanza ulinichukua kiangazi chote. Ulipokwisha nikamwita Thadei autazame. Aliuzunguka, akaugusa, akasema, "Mzuri." Kisha akashika njia yake.

Neno lile lilinitia baridi. Ndilo alilomwambia Kolumba tangu siku ile ya kuchekwa: mzuri, mzuri, mzuri. Nikamfuata njiani.

"Thadei, sikukuita unisifu. Ungepanda wewe na watoto wako, mto umejaa, ungeogopa wapi?"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu anayepima tope kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Akarudi nami polepole.

"Nyuma umechimba mno," alisema. "Gonga usikie. Na naona kama unalalia kushoto."

Nisikudanganye, damu ilinipanda. Mikono yangu ilikuwa ina malengelenge ya kiangazi kizima! Maneno yalikuja yenyewe mdomoni, na yalikuwa yaleyale ya kaka yangu: wewe umewahi kushika tezo? Yakafuatwa na mengine ya upole lakini ndugu zake: mti wenyewe ulikuwa mbovu, nilikuwa na haraka, wengine wamesema ni mzuri. Ulimi hauna mfupa, lakini meno yapo. Nikauma.

"Asante," nikasema. Ilitoka kavu. Nikajua haitoshi, kwa sababu asante kavu ni mlango uliosindikwa. Nikaongeza, "Nionyeshe kwa mkono." Akaonyesha. Nikarudia alichosema ili ajue nimesikia: "Unasema nyuma hapa ni pembamba, na ukielea utalalia kushoto. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sitakuficha, imeniuma. Lakini bora iniume mimi hapa nchi kavu. Asante kwa kusema. Niachie nipime, nitakuja nikuambie."

Asubuhi, hasira ikiwa imelala, nilitoboa tundu dogo kule nyuma. Ubao haukufika unene wa kidole. Thadei alisema kweli. Nikaliziba tundu, nikaushusha mtumbwi majini penye kina kifupi: haukulalia kushoto. Hapo alikosea.

Mtumbwi ule niliukata. Nusu yake ikawa hori la nguruwe wa jirani. Nilikata huku nikiwa na uchungu, nisikufiche. Kisha nikaenda kivukoni, palepale Thadei alipochekwa, wateja wakiwa wamejaa wanangoja kuvuka.

"Thadei," nikamwita wote wakisikia, "ule mtumbwi nimeuharibu. Nyuma palikuwa kama ulivyosema, ungeua mtu. La kushoto nimepima, haulalii, lakini ulifanya vizuri kulisema. Nikianza mwingine uje tena."

Aliinua kasia, akageuza uso kuelekea majini.

Mtumbwi wa pili nilipokuwa sijafika hata nusu, alikuja bila kuitwa. Hakuanza kwa "mzuri." Alichuchumaa, akaweka kidole kwenye fundo la mti, akasema, "Hapa patakusumbua." Kisha, bado kidole kiko palepale, akasema, "Kaka yako angeniuliza hata mara moja, Fokas. Mara moja tu."

Tulikaa na mti ule katikati yetu mpaka jua likawa kali. Kolumba yuko makaburini, na Leonida alizeeka bila kuingia tena kwenye mtumbwi wowote, hata wangu.

Mwanangu, rafiki akikukosoa kazi yako, jua kwamba amekwisha kuogopa kabla hujaanza kuumia. Mshukuru kwanza, jitetee baadaye, na mara nyingi utakuta hakuna haja ya kujitetea. Mwulize akuonyeshe. Kumshukuru si lazima ukubali yote. Pima, kisha umrudie umwambie lipi umelifuata na lipi hukulifuata. Kama aliaibishwa hadharani, mshukuru hadharani. Na siku atakapokuambia tu "mzuri," jichunguze: labda ni mzuri, labda umemfunga mdomo.

Mungu akujalie mikono yenye kazi, na akupe rafiki asiyekuogopa. Akishakupa, akupe na moyo wa kumtunza. Nenda salama, mwanangu.