Unga wa Gym na Figo Zangu

Mimi mdomo wangu haujui kunyamaza, kwa hivyo kijiji kizima cha Landless, hapa karibu na Thika, walijua sukari yangu imekataa kushuka. Vidonge vya sukari, metformin, nilimeza bila kukosa, ugali nikapunguza, na bado kila asubuhi mashine ya kudunga kidole ilinisomea kumi na mbili, kumi na tatu. Nilikuwa nimechoka kuipigia kelele.

Binti yangu, mwenye saluni kule Ruiru, ndiye aliniletea kopo la kreatini. Yeye huenda gym, na huko wanakunywa huo unga mweupe ili misuli ipate nguvu ya kunyanyua. "Mum, hii si ya kulala nayo," akanionya. "Misuli ikifanya kazi inakula sukari. Ukinywa, unanyanyua."

Gym mimi? Wee! Tulikuwa na kikundi chetu cha akina mama wenye sukari, tunakutana uani kwangu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tulijaza maji mitungi ya mafuta ya kupikia tukawa tunainyanyua, tunachuchumaa nayo, tunasukumana na kutukanana kwa mapenzi. Jirani mmoja, mnene kama mimi, alikuwa akihesabu kwa Kikuyu na kuruka namba ili tumalize haraka. Tulimshika kila mara na bado aliendelea kutuibia.

Mwanzoni nilikoroga unga na juisi ya maembe, kwa sababu vijana wa gym wanasema utamu unaupeleka kwa misuli. Ngai! Sukari ikaruka hadi nikaogopa mashine. Binti akanigombeza kwa simu, nikahamia maji matupu, kijiko kimoja kidogo kwa siku. Wiki zikapita. Mtungi uliokuwa ukinitoa machozi nikaanza kuuinua nikipiga stori, na asubuhi moja mashine ikasoma saba. Nilicheza jikoni peke yangu, nikiwa na leso kichwani.

Kisha nikaenda kliniki mjini Thika kwa vipimo vya kawaida. Daktari, mwanamke mtulivu, alifurahia kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, halafu akakunja uso. "Mama, kipimo cha figo kimepanda. Kuna kitu kingine unatumia?"

"Hakuna," nikasema, na sikuwa nadanganya. Kwangu dawa ni kidonge na sindano. Unga ulikuwa chakula, unakaa kando ya majani chai.

Alinipunguzia metformin kwanza kwa usalama wa figo, akaniambia nirudi wiki inayofuata na kila kitu ninachomeza. Dada yangu mkubwa, figo zake zilipokataa kazi, alikufa akitoka kwa mashine ya kusafisha damu, na mimi ndiye nilimpeleka huko kila wiki. Sitaki kuwaficha, nililia. Nilipompigia binti yangu kumweleza, akasema kwa sauti ndogo, "Tupa hilo kopo, Mum."

Sikulitupa. Nililiweka kwa mkoba nikarudi nalo kliniki, nikaligonga mezani kwa hasira. "Hiki ndicho kitu kingine!"

Daktari alisoma kopo, akaegemea kiti na kutabasamu. Akanieleza kwamba mwili hubadilisha kreatini kuwa kreatinini, takataka ambayo figo huitoa, na kipimo chao huhesabu hiyo takataka. Ukinywa unga, hesabu inaweza kupanda hata kama figo ni nzima. Lakini hakutaka kubahatisha. Alipima mkojo kuona kama figo zinavujisha protini, akaniambia nikae bila unga wiki kadhaa, mitungi niendelee nayo, kisha tupime tena.

Nilinyanyua kama mwenye wazimu. Sukari haikupanda, na hapo ndipo nikaamini misuli yenyewe ikifanya kazi ndiyo hula sukari. Unga ulikuwa umenisaidia kunyanyua zaidi, na pengine kuivuta sukari kidogo, lakini bila mitungi ungebaki kopo tu.

Siku ya majibu mkojo ulikuwa safi, na kipimo cha figo kimerudi pale kilipokuwa zamani. Daktari akanirudishia metformin yangu yote. Akasema nikitaka kuanza unga tena tutapanga pamoja, na kila mtu atakayenitoa damu nimwambie mapema. Nikamkumbatia na koti lake jeupe.

Nilipiga simu Ruiru nikiwa bado mlangoni, nikipiga vigelegele watu wakageuka. "Figo ni nzima! Ni nzima, unasikia?"

Upande ule nilisikia blodraya ya kukausha nywele ikizimwa, halafu kilio. Nikamuuliza analia nini na mimi ni mzima.

"Mum, mimi ndiye nilikuletea," akasema. "Nilikuwa nishaenda hospitali kuuliza kama figo yangu moja inaweza kukutosha."