Ruhusa ya Upel

Kenjegul aliacha shule akiwa darasa la sita, mwaka mama yake alipopooza na pakawa hapana mwingine wa kukamua ng'ombe. Tangu hapo kalamu aliishika kwa kutia sahihi tu. Lakini cherehani aliijua. Katika karakana ya makoti pale Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, hakuna aliyemfikia kwa kutia mifuko. Msimamizi akipata kazi ngumu, huita, "Kenjegul yuko wapi?" Mumewe alikuwa Urusi kwenye ujenzi, naye aliishi na binti yao mmoja, Upel, wa miaka minane, darasa la pili.

Vuli ile Upel alirudi nyumbani akitembea miguu imebanana. Soksi zake ndefu za sufu zilikuwa zimelowa kinyesi.

"Mkubwa mzima wewe! Hukumwomba mwalimu?"

"Niliomba. Akasema ngoja mapumziko."

"Na mapumziko?"

Upel akatazama chini. Choo cha shule kilikuwa nyuma ya uwanja, mashimo manne yaliyopangana bila mlango, na mapumziko wasichana wakubwa walisimama pale wakicheka. Kwa hiyo alibana. Alibana Jumatatu, akabana Jumanne.

Daktari Burul wa zahanati, mama mzima mwenye mikono mikavu, alimbonyeza mtoto tumbo, akatikisa kichwa. "Umempiga kwa kuchafua nguo?"

Kenjegul akainama kumvuta Upel soksi.

"Usimpige tena. Hajui hata kama kinyesi kinatoka. Mtoto akibana, choo kinakauka kama jiwe. Siku kikitoka kinamuumiza, naye anaogopa, anabana zaidi. Utumbo unatanuka mpaka hausikii tena haja. Kile cha majimaji kinapenya pembeni ya lile jiwe na kuvuja. Ni ugonjwa, si utundu."

Akamwandikia dawa ya maji ya kulainisha choo, ya kunywa kila siku kwa miezi, hata akionekana amepona. Anywe maji, ale matunda, mkate upungue. Kila baada ya chakula achuchumae dakika chache bila haraka. "Na haja ikimjia aende saa ileile. Asiambiwe angoje. Ongea na mwalimu wake."

Kuongea Kenjegul aliona haya. Mwalimu Sonun alikuwa mtu wa maneno yaliyonyooka, ameshafundisha nusu ya mji, na kwenye mikutano ya wazazi Kenjegul alikaa nyuma kabisa. Akaona aandike. Jumapili asubuhi aliondoa vikombe mezani, akapangusa makombo, akachana karatasi katikati ya daftari la Upel. Ilimchukua mpaka saa za mchana. Aliyokusudia kusema ni haya:

"Mwalimu mheshimiwa, salamu. Binti yangu Upel anaumwa, choo chake kimefunga. Daktari amesema akibanwa asizuiwe. Nakuomba umwachie atoke hata katikati ya somo, bila kumuuliza mbele ya wenzake. Ni mtoto mwenye haya. Mungu akupe afya. Mama yake, Kenjegul."

Akaikunja mara nne, akampa Upel.

Kesho yake barua ilirudi ndani ya daftari. Ilikuwa imejaa wino mwekundu. Herufi alizochanganya zimezungushiwa duara, nukta zimeongezwa, neno "anaumwa" limekatwa na kuandikwa upya juu yake kwa mwandiko mzuri. Chini kabisa, palipokuwa na jina lake, pameandikwa alama: tatu kati ya tano. Kuhusu choo, hakuna neno.

"Wameisoma," Upel alisema. "Mwalimu alipogawa madaftari, Daniyar ninayekaa naye alifungua langu. Sasa wananiita Kizibo."

Kenjegul aliomba ruhusa karakana, akaenda shule. Mwalimu Sonun alikuwa peke yake darasani, anakunywa chai.

"Salamu mwalimu. Nimekuja kwa ile barua."

"Ah, umeiona? Usichukie, mama Upel. Mkono wenyewe umeshazoea, nikiona kosa siwezi kupita. Na watoto wataandikaje vizuri kama nyumbani ndiyo hivi?"

"Makosa ni yangu, mwalimu. Naulizia mtoto."

"Mtoto! Nina thelathini na wanane humu. Nikimruhusu mmoja, wote watashikwa na tumbo. Nao wanakwenda kule nje kucheza na barafu. Akivunjika mguu, nani atajibu?"

"Wangu hachezi. Anaumwa."

"Basi lete cheti chenye muhuri. Karatasi ya daftari si cheti."

Kenjegul alikuwa na maneno mengi kifuani. Aliyoyatoa ni, "Asante, mwalimu." Njiani alijilaani kwa ile asante.

Cheti alikipeleka siku ya tatu, chenye muhuri wa bluu. Mwalimu Sonun alikitii palepale, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata sheria. Alisimama mbele ya darasa akasema, "Sikilizeni. Upel ana cheti cha daktari, tumbo lake halifanyi kazi. Yeye pekee atatoka bila kuomba. Wengine msinisumbue."

Upel alitoka mara moja. Aliporudi, safu nzima ya nyuma ilibana pua. Hakutoka tena. Dawa nayo alianza kuimwaga kwenye sinki, maana ilimfanya abanwe darasani. Nguo hazikuchafuka kwa siku kadhaa, na Kenjegul akashukuru, akidhani mambo yametengemaa. Kisha mtoto akakataa chakula. Tumbo likawa gumu kama ngoma, akatapika, akapelekwa hospitali. Alilazwa siku tatu, akitiwa maji kwa nyuma huku amekamata mkono wa mama yake, analia bila sauti.

"Nilisema aachwe huru," Daktari Burul alimwambia Kenjegul.

"Aliachwa huru," Kenjegul akajibu. "Walimtangaza."

Shule nyingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na yenyewe imejaa. Majira hayohayo mfagizi wa shule ya Upel aliacha kazi, Kenjegul akasikia sokoni. Alikwenda kwa mkuu wa shule akaiomba. Msimamizi wa karakana alidhani anatania.

"Uache cherehani ukaoshe vyoo? Umerogwa?"

"Sijarogwa, kaka. Nina mtoto."

Wiki ya kwanza alivunja barafu ya vyooni kwa mtaimbo, akamwaga majivu penye utelezi. Kila shimo alilifungia pazia zito aliloshona kwa mabaki ya makoti, lenye ndoano ya kufungia ndani. Wasichana wakubwa aliwafukuza kwa ufagio: "Hapa ni choo, si uwanja wa ngoma! Tokeni!"

Upel alitoa sharti moja tu. "Mama, usiniite jina mbele za watu."

"Sitakuita."

Alinywa dawa sasa, kila asubuhi, mama akimtazama mpaka ameze. Majira ya kuchipua Daktari Burul alimbonyeza tumbo akasema ni laini, ila dawa iendelee, kupona huku ni kwa miezi, si kwa wiki. Wale wa darasani walikuwa wamepata mwingine wa kumcheka.

Mwalimu Sonun alipokutana na Kenjegul ukumbini hakumwita tena mama Upel. "Kenjegul," husema, "ubaoni kwangu pamejaa vumbi la chaki." Kenjegul huenda, hufuta.

Somo la tatu Upel hutoka peke yake, huvuka uwanja, humpita mama yake kama anavyopita nguzo. Kenjegul humgeuzia mgongo na kufagia mahali palipokwisha fagiwa. Akisikia ndoano imeingia, hungoja hapo, asije mtu akapita.