Mguu wa Nyuma wa Kiti cha Babu

Kiti chenyewe, kwa kukitazama, kilikuwa cha gogo moja: kalio la mviringo, miguu mitatu mifupi, na egemeo refu lililochongwa umbo la mtu asiye na mikono, kichwani akiwa na vishungi viwili kama nywele zilizosukwa. Mama alikirithi kwa babu, akakiweka katika chumba chake Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Kila Jumamosi alikipaka mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na masizi, mpaka kikang'aa cheusi mwili mzima.

Mwaka ule mchwa walipanda ukutani wakala mlango, wakala kitanda, wakaacha kiti. Mama alipoona vumbi jekundu hatua moja tu kutoka kwenye mguu wa kiti, alikiinua akakiweka juu ya meza. Jioni akaniambia, "Kipeleke mjini, kwenye ile nyumba ya makumbusho. Lakini waandike kwamba amekichonga baba yangu. Wasipoandika, kirudishe, tuliwe nacho na mchwa."

Nilikuwa kijana, nimeanza kuandika hadithi, na wenzangu watatu mjini tulisomeana kazi zetu kila Jumapili kama watu wanaojiandaa kuibadilisha dunia. Kwa hiyo nilidhani kazi ya mama ni nyepesi. Niliandika kurasa nne usiku mmoja. Babu alikuwamo, na tezo, na maganda ya mti yakimwangukia miguuni, na babu akiimba.

Karani wa makumbusho alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alizisoma kurasa zote bila haraka.

"Shikamoo nimekwisha kuipokea, bwana mtunzi," alisema. "Sasa niambie. Aliimba wimbo gani?"

"Sijui."

"Nani alimsikia?"

Karani akatoa kadi ngumu iliyopigwa mistari. Juu palikuwa na nafasi ya kitu chenyewe, mti wake, mchongaji wake, vipimo na alama zake. Chini palikuwa na safu tatu: nani alikuwa nacho, tangu lini, na ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, *umejuaje*.

"Safu hii ya mwisho ndiyo kazi," alisema. "Mbili za kwanza hata mlevi anaweza kuzijaza. Usipojua, acha wazi. Nafasi wazi hainitishi. Mahali pa mchongaji, kwa sasa, nitaandika *hajulikani*."

"Anajulikana. Ni babu yangu."

"Basi nijulishe."

Neno lile lilinichoma. Nilirudi Kibaha nimekula kiapo moyoni kwamba kadi ile haitaandikwa *hajulikani*.

Nilianza na kopo la babu, lile la biskuti ambamo mama alitunza karatasi zake. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa boma la Kisarawe. Ilisema kwamba kwa ajili ya maonyesho ya wilaya kimepokelewa kiti kimoja cha kuchongwa, cha miguu mitatu, mmoja mpya, kimeletwa na babu, naye atarudishiwa maonyesho yakiisha. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliotangulia kuzaliwa kwangu. Niliruka. Mpya! Nilijiambia kwamba babu alikimaliza kiti siku chache tu kabla ya maonyesho, na mguu wa mwisho ulikuwa bado mbichi.

Kisha tukaenda Vihingo, mama na mimi, kwa mama mkubwa, dada yake wa kwanza. Mama mdogo naye alikuwa amekuja kutoka ng'ambo ya bonde kusaidia kuvuna mihogo. Tulikaa mkekani sote, nikafungua daftari.

"Mama mkubwa, kile kiti alikichonga nani?"

"Baba," alisema, hata hakuacha kumenya. "Mimi nilikuwa nimeshaolewa. Nilikuja kumwamkia nikamkuta uani, tezo mkononi, maganda mpaka hapa." Akagusa kifundo cha mguu.

"Ndivyo," akasema mama.

Mama mdogo alikuwa akitazama mihogo. "Ndivyo alivyosema dada," akasema.

Niliandika mashahidi watatu, nikapiga mstari chini yake. Njiani mama alinishika mkono kama nilivyomshika mimi nilipokuwa mdogo.

Karani alisoma daftari, akasoma stakabadhi kwanza kwa miwani, kisha bila miwani.

"Karatasi hii ni nzuri sana," alisema. "Inasema babu yako alikileta kiti. Haisemi alikichonga. Mtu akileta ng'ombe kwenye maonyesho, hatusemi amemzaa."

Nilicheka bila kutaka.

"Na hawa mashahidi. Walikaa pamoja?"

"Mkeka mmoja."

"Aliyetangulia kusema ni mkubwa wao?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu wa kwetu. Kwenu mdogo humkatiza dada yake mkubwa mbele ya mtoto?"

Nilijua jibu tangu nilipoanza kutambaa.

"Basi unaye shahidi mmoja," alisema, akanirudishia daftari. "Na huyo mmoja aliona maganda, hakuona kiti. Rudi. Mmoja mmoja. Usiwaambie unachotaka kusikia. Na utafute picha. Wamisheni walipenda kupiga picha."

Kama angenicheka ningekasirika, na hasira ingenisaidia kuacha. Hakucheka. Kwa hiyo niliendelea.

Maneromango nilikwenda kwa lori la mbao hadi barabara iliposhindwa, kisha kwa miguu. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa amesoma pale misheni tangu utoto, alikuwa na picha kubwa ukutani, iliyobandikwa kwenye kadibodi: wanafunzi wa kwanza wa ubatizo, wamepangwa mbele ya kanisa la nyasi. Katikati alikaa mzee mwenye kanzu. Alikuwa amekalia kiti chetu, kiubavu, egemeo likionekana lote.

Nilijua kwamba kufanana si kuwa kitu kilekile. Nilitoa karatasi niliyochora alama za kiti nyumbani. Kishungi cha kushoto kimemegeka kwenye ncha, pichani kimemegeka. Kwenye shingo kuna ufa unaopinda kama ndoana, pichani upo. Nyuma, mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba mizunguko mingi.

Nyuma ya kadibodi mtu aliandika majina, mstari kwa mstari, kwa wino wa kahawia. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, palikuwa na jina la babu. Niligeuza. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, amekumbatia ubao wa kuandikia, macho yamekazwa dhidi ya jua.

"Yule mwenye kanzu ni mjomba wa huyo mtoto," alisema mwalimu. "Alipofariki, mpwa ndiye aliyechukua kiti. Ndiyo desturi. Mbona umebadilika uso, mwanangu?"

"Jua, mwalimu."

"Hapa ndani hakuna jua."

Mtoto wa miaka kumi hakichongi kiti ambacho kimekwisha kuvunjika mguu. Nilikaa kwenye ngazi za mwalimu nikiwa na picha magotini, na nikiri kwamba niliwaza jambo baya. Mwalimu hakujua ninatafuta nini. Ningeweza kumshukuru, nikaondoka, na picha ikabaki ukutani pale miaka mingine mingi. Mama angepata alichokiomba. Kisha nikakumbuka ile safu ya mwisho. Ningeandika nini pale? Nilinakili majina yote, mstari kwa mstari, pamoja na maandishi ya pembeni na mahali picha inapotunzwa.

Nilipita kwa mama mdogo peke yake. Nilimkuta shambani. Safari hii sikuuliza nani alikichonga.

"Mama mdogo, unakumbuka nini kuhusu kiti cha babu?"

Aliegemea jembe. "Dada yuko wapi?"

"Kwake."

Akatazama njia kidogo, kisha akaanza. "Wakubwa wangu walikuwa wameolewa. Nilibaki mimi. Mguu wa nyuma ulikuwa umeoza pale penye kamba. Baba akapata kipande cha mti wa mkongo, akachonga mguu, akatoboa kalio akaupachika kwa ulimi, ncha yake ikiingia tunduni, bila msumari. Mimi ndiye niliyemshikia kiti kichwa chini. Alinigonga kidole kwa nyundo, akaniambia nisimwambie mama." Akanionyesha kidole cha shahada. Ukucha ulikuwa umepinda. "Baada ya hapo bwana wa boma akakiomba kwa maonyesho."

"Mbona siku ile ulinyamaza?"

"Nimkanushe dada mbele yako? Na mama yako alikuwa anafurahi vile?"

Mmoja mpya. Karatasi ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza, nami nikaisoma nilivyopenda.

Nilimweleza mama asubuhi, amekaa kizingitini. Nilimweleza yote kwa mpangilio: picha, alama, majina, kidole cha mdogo wake, stakabadhi. Sikupamba. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliingia ndani, akakigeuza kiti kichwa chini, akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kusugua mguu wa nyuma. Masizi ya miaka mingi yalitoka. Chini yake mti ulikuwa wa rangi nyingine, wa dhahabu, na duara jembamba lilionekana pale mguu ulipoingia kwenye kalio.

Alipitisha ukucha juu ya duara. Haukuzama.

"Hauna hata nafasi ya kupita nywele," alisema.

"Hauna, mama."

"Na kiti chenyewe? Nani alikichonga?"

"Sijui. Mjomba wake babu alikuwa nacho. Kabla yake sijapata."

"Utaandika hujui?"

"Nitaandika."

Alisugua tena, ingawa palikuwa safi. Niliogopa atasema kiti hakiendi popote. Badala yake akasema, "Basi andika mguu. Na wasikisukume ukutani. Wakikisukuma ukutani mguu hauonekani."

Kadi ile karani aliijaza mbele yetu sote wawili. Mchongaji: hajulikani. Chini yake, mwenye kiti wa kwanza anayejulikana, kwa picha, na alama tatu zilizolinganishwa. Kisha babu, kwa desturi ya mjomba na mpwa, kama alivyosimulia mwalimu. Kisha mguu wa nyuma: mkongo, umepachikwa kwa ulimi, kazi ya babu, umejuaje: binti yake wa mwisho aliyemshikia kiti, akihojiwa peke yake, stakabadhi ya boma inaafiki. Maneno ya mama mkubwa nayo yaliandikwa, kama alivyoyasema: aliona tezo, aliona maganda. Kisha mama, kwa kukabidhiwa na baba yake.

"Kitakaa katikati ya chumba," karani alimwambia mama. "Watu wakizunguke."

Mama hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee kadi, nikamsomea yote. Akaniomba tena, mstari wa mguu tu. Mara ya tatu alinizuia nilipofika kwenye jina la babu, akalitaja yeye.