Pete ya Mwihaki na Rangi ya Kucha

Mwaka wa sabini na tatu, ukipita karibu na soko la Eldoret, ungemkuta Hawa Ibrahim kwenye veranda ya duka la kaka yake Mahamud. Mahamud aliuza sukari, taa za mafuta na blanketi. Hawa, mjane mnene mwenye sauti ya chini, aliweka kimeza chake pembeni akauza bangili, hereni na mikufu, vile vitu vya kung'aa vilivyopakwa dhahabu kijuujuu tu. Vikichujuka, watu walimrudishia avitengeneze. Mbele yake hapakukosekana ndimu, chumvi, mswaki uliochakaa, chaki iliyosagwa na vipande vya fulana kuukuu.

Kazi hiyo ilimwingia kwa machozi. Alipoolewa kule Isiolo alivishwa mkufu mzuri, na siku ya tatu shingo yake ikazungukwa na alama ya kijani. Shemeji zake wakanong'onezana kwamba bibi arusi ana ugonjwa. Mama yake ndiye aliyekuja na sabuni na maji ya vuguvugu, akamsugua taratibu mpaka kijani kikatoka. Akamwambia, "Huna ugonjwa wowote, mwanangu. Jasho limekutana na shaba, basi." Tangu siku hiyo Hawa hakuwahi kumcheka mtu aliyemletea kidole cha kijani. Na walikuwa wengi, nakwambia.

Basi Alhamisi moja akaja mama wa Kikuyu, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya leso. Alisimama kando mpaka wateja wote wakaondoka.

"Mama, nimesikia wewe unatengeneza pete."

"Karibu, keti. Jina lako nani?"

"Mwihaki. Mke wa Gathogo, yule anapasua mbao kule Timboroa." Akafungua leso. "Lakini tafadhali usicheke."

Pete ilikuwa imekwanguka vibaya. Mikwaruzo imejaa kila upande, na ile ngozi ya dhahabu imebaki vipande vipande kama rangi ya mlango wa zamani. Kidole chenyewe kilikuwa na mstari wa kijani.

"Uliisugua na nini?"

"Majivu na mchanga," Mwihaki akasema, macho chini. "Vile tunasugua sufuria. Nilitaka ing'are kwa sababu ya Jumapili. Nikaona dhahabu inatoka kwa kitambaa."

Mahamud akachungulia kutoka dukani. "Mama, hata sufuria yangu singeisugua hivyo!"

"Wewe uza sukari yako," Hawa akamjibu bila kugeuka, na kaka mtu akarudisha kichwa ndani.

Mwihaki akaeleza yote. Walioana kimila miaka minane iliyopita. Gathogo akaapa kwamba hata kama arusi ya kanisa itangoja, mkewe hatakosa pete. Akauza baiskeli yake, akamnunulia pete hiyo kwa mchuuzi aliyeapa ni dhahabu tupu. Kisha kila walichopata kikaenda kwenye hisa za kununua, pamoja na wenzao, shamba moja la mzungu kule ng'ambo ya Soy, na arusi ikaendelea kungoja. Sasa kiwanja chao humo wamekipata. Jumapili mchungaji atabariki ndoa yao, na pete itawekwa kwenye sahani mbele ya kanisa zima.

"Ilianza lini kukufanya kijani?"

"Mwaka ule ule wa kwanza. Ilitoka dhahabu huko ndani, nje ikabaki sawa. Mume wangu akirudi kutoka msituni, mimi hukimbia kunawa na sabuni kabla hajaniona. Siku moja aliona, nikamwambia ni sukumawiki nilikuwa nachuma." Akajaribu kucheka. "Mama, yule mtu alitembea kwa miguu miaka mitatu bila baiskeli. Akijua ni shaba, atavunjika moyo. Na siku hiyo hiyo! Unaweza kuirudisha?"

Hawa aliigeuzageuza pete. Angeweza kumdanganya kidogo, lakini hakuwa na tabia hiyo.

"Dhahabu siwezi kuirudisha. Iliyotoka imetoka. Lakini chini yake ni shaba ya njano, na hiyo ikisuguliwa vizuri inang'ara sana. Tutatoa hii iliyobaki ili iwe rangi moja. Aliye mbali hatajua."

"Na aliye karibu?"

"Huyo ni mume wako. Wewe ndiye unamjua."

Akaanza kazi. Alisugua kwanza kwa chaki yenye maji, kidogo kidogo, mpaka vipande vya dhahabu vikaisha na mikwaruzo ikalainika. Akakata ndimu, akaichovya kwenye chumvi, akaipitisha haraka kwenye mifereji myeusi ya nakshi, akasuuza papo hapo.

"Usiiache kwenye ndimu ukaenda kuchota maji," akamwonya. "Shaba ya njano ikikaa sana kwenye ukali wa ndimu inageuka nyekundu nyekundu. Hapo utalia tena."

Akasuuza mara ya pili, akakausha, akapitisha chaki kavu kwa kitambaa cha fulana. Pete ikawaka. Mwihaki akashika mdomo.

Ilibaki ndani, pale inapogusa ngozi. Kwa kawaida Hawa alipaka rangi ya kucha isiyoonekana, ili jasho lisifikie shaba. Akatikisa chupa yake: imekauka, na nyingine ingetoka Nairobi wiki ijayo. Akamwita Nasra, binti wa Mahamud, aliyependa urembo.

"Una rangi gani?"

"Ya waridi tu, shangazi."

Wakatazamana. "Itakuwa ndani," Hawa akasema. "Nani atachungulia ndani ya pete?"

Akaifuta pete kwa spiriti kutoa mafuta ya vidole, akapaka ndani tabaka moja jembamba, akangoja likauke kabisa, akapaka la pili. Akamwagiza Mwihaki aivue akifua na akiosha vyombo, na airudishe kila rangi ikianza kubanduka.

Jumapili Hawa hakutulia. Jumatatu asubuhi mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye kola akasimama mbele ya kimeza.

"Wewe ndiye ulipaka pete ya bibi yangu rangi?"

Hawa akaweka kitambaa chini. "Ndiye mimi, baba."

Gathogo akaketi kwenye gunia la chumvi.

"Mchungaji alinipa pete, nikaiinua nimvishe. Nikaona ndani ni waridi. Nikashangaa, dhahabu gani hii imepakwa rangi ya kucha? Nikamtazama Mwihaki, akatazama chini. Nikamvisha hivyo hivyo. Usiku akaniambia yote." Akapangusa uso kwa kofia. "Kwa hivyo nilidanganywa na mchuuzi. Baiskeli yangu ilikuwa chuma kweli kweli!"

Akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Lakini mama, miaka minane anakimbia kunawa kidole nisijue. Mimi nikamwamini, eti sukumawiki. Kuna wakati ilikuwa kiangazi, shambani hakuna hata jani."

Hawa alimsogezea chai yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaigusa.

Baada ya mwezi Gathogo akarudi, pete ameifunga kwenye kitambaa cha mfukoni. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye ukingo. Alisema yeye ndiye ataileta siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyeinunua.

Hawa akaikwangua rangi ya zamani, akaisafisha, akaifuta. Kisha akachukua chupa mpya kutoka kwenye droo.

"Una bahati, baba. Ile isiyoonekana imefika."

Gathogo akaishika chupa, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka chini.

"Hapana," akasema. "Muite yule msichana mwenye rangi, Mwihaki aliniambia habari zake. Nipakie ile ile ya waridi."